Gawio bila kula mtaji: mwongozo kamili kwa wakurugenzi wa kampuni za familia Zanzibar

Kampuni nyingi za familia hapa Unguja na Pemba hukosea mahali pamoja. Mwaka umekwisha, benki kuna pesa, wanahisa wanataka chao, na wakurugenzi wanalipa. Baadaye mhasibu anafunga hesabu na kukuta kwamba hapakuwa na faida ya kugawa. Kilichotoka ni mtaji, na waliosaini malipo ndio wanaodaiwa.

Mwongozo huu ni kwa kampuni yenye hisa, iliyosajiliwa Zanzibar chini ya Sheria ya Kampuni Namba 15 ya 2013. Nitatumia kampuni moja ya mfano kutoka mwanzo hadi mwisho: familia ya Jambiani yenye nyumba ya wageni, wanahisa watano, wakurugenzi watatu, na hesabu zinazofungwa Disemba.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usiitishe kikao cha bodi kuhusu gawio kabla ya kuwa na hivi:

- Katiba ya kampuni, toleo lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), pamoja na marekebisho yake yote.
- Mizania na hesabu za faida na hasara za mwaka uliofungwa, zilizokaguliwa ikiwa kampuni yako inakaguliwa.
- Hesabu za miaka ya nyuma, kuanzia kampuni ilipoanza. Hizi ndizo watu husahau.
- Daftari la wanahisa, likionyesha nani ana hisa ngapi leo.
- Makisio ya pesa zitakazoingia na kutoka kwa miezi 12 ijayo.
- Daftari la mihutasari ya vikao.

Kama hesabu za miaka ya nyuma hazipo, simama hapo. Bila hizo huwezi kujua kama una faida ya kugawa, hata mwaka huu uwe mzuri namna gani.

## Hatua ya 1: Soma katiba yako kabla ya kusoma benki

Tafuta kifungu cha gawio. Katiba nyingi zina sentensi inayosema gawio halitalipwa isipokuwa kutokana na faida, na nyingine inayosema wanahisa katika mkutano mkuu hawawezi kupitisha kiasi kinachozidi kile wakurugenzi walichopendekeza.

Sentensi ya kwanza ina sababu yake. Anayeikopesha kampuni, anayeiuzia samaki kwa mali kauli, au wakala anayetanguliza pesa za wageni, hana haki ya kwenda kudai nyumbani kwa mwanahisa. Dhima ya mwanahisa inaishia kwenye hisa zake. Kinachobaki kumlinda mdai ni kwamba mtaji uliowekwa utumike katika biashara na usirudishwe mlango wa nyuma kwa waliouweka. Mtaji unaweza kupotea kwa biashara mbaya, hiyo ni hatari anayoikubali kila mdai. Kuugawa ni jambo jingine.

Andika vifungu hivyo kwenye karatasi ya kikao. Ukimaliza hatua hii unapaswa kujua mambo matatu: nani anapendekeza gawio, nani analipitisha, na kama wakurugenzi wanaruhusiwa kulipa gawio la katikati ya mwaka.

## Hatua ya 2: Pata faida iliyolimbikizwa, siyo faida ya mwaka

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huanguka.

Chukua faida zote zilizothibitika tangu kampuni ianze, baada ya kodi, ambazo bado hazijagawanywa. Toa hasara zote zilizothibitika tangu kampuni ianze. Kinachobaki, kikiwa juu ya sifuri, ndicho kiwango cha juu kabisa cha gawio. Kikiwa sifuri au chini yake, hakuna gawio.

Kipimo hiki ni kikali. Mahakama za Uingereza za zamani, ambazo hukumu zake hutumika kama hoja katika Mahakama Kuu ya Zanzibar, ziliwahi kulegeza: mwaka 1889, katika kesi ya Lee dhidi ya Neuchatel Asphalte, iliruhusiwa kugawa faida ya uendeshaji bila kwanza kuziba upotevu wa mali ya kudumu. Bunge la Uingereza lenyewe liliachana na ulegevu huo katika sheria yake ya 1980 na kudai hesabu ya malimbikizo. Nakushauri ufuate hesabu ya malimbikizo. Mkurugenzi aliyepita kwenye kipimo kikali hahitaji kubahatisha jaji atachagua kipi.

Sasa kampuni yetu ya Jambiani, mwisho wa mwaka wa kwanza wa mfano, kwa shilingi milioni:

| Kipengele | Kiasi |
|---|---|
| Jengo (thamani ya vitabu 150, tathmini mpya imeongeza 100) | 250 |
| Pesa benki | 120 |
| Samani na mali nyingine | 25 |
| Jumla ya mali | 395 |
| Malipo ya awali ya wageni ambao hawajafika | 70 |
| Mkopo wa benki na madeni mengine | 40 |
| Jumla ya madeni | 110 |
| Mali halisi | 285 |

Ile 285 imeundwa hivi: mtaji wa hisa 200, jumlisha ongezeko la tathmini 100, toa malimbikizo ya hasara 15. Hasara hiyo imetokana na miaka mibaya iliyoacha hasara ya 90, kisha faida ya 30, kisha faida ya 45 mwaka huu.

Wanahisa wanaomba milioni 60. Mmoja wao, mama mwenye heshima zake katika familia, anamwambia mwenyekiti wa bodi, ambaye ni mwanawe: "Mwanangu, benki kuna milioni mia na ishirini na mwaka huu mmepata faida. Mnatuficha nini?"

Jibu ni la hesabu. Kasoro 90, jumlisha 30, jumlisha 45, inabaki kasoro 15. Faida ya mwaka huu imeziba shimo la miaka iliyopita na shimo halijajaa. Gawio halali mwaka huu ni sifuri.

### Vitu vitatu vinavyofanana na faida

Pesa benki. Katika ile 120, milioni 70 ni za wageni waliolipia vyumba vya miezi ijayo. Ni deni. Zinakuwa mapato mgeni anapolala, na faida baada ya kutoa gharama za kumhudumia.

Tathmini mpya ya jengo. Mthamini amesema jengo limepanda kwa milioni 100, na huenda amesema kweli. Lakini hakuna aliyelinunua. Faida ya namna hii iko kwenye karatasi, haijathibitika, na haigawiki hadi jengo liuzwe. Upande wa pili, chakavu cha jengo na samani, yaani thamani inayopungua kila mwaka kwa matumizi, ni hasara iliyothibitika na lazima itolewe. Mhasibu anayeruka chakavu ili faida ionekane anakuandalia kesi.

Wadaiwa wasiolipa. Wakala wa safari aliyetoweka na pesa za wageni hawezi kuendelea kukaa kwenye mizania kama mali. Kesi ya Flitcroft ya mwaka 1882 ilihusu hili hasa. Wakurugenzi wa Exchange Banking Company waliweka madeni waliyojua ni mabovu kana kwamba yatalipwa, faida ikaonekana, gawio likalipwa miaka kadhaa. Kampuni ilipofilisika, wakurugenzi waliamriwa kurudisha. Wanahisa walikuwa wamepitisha gawio mkutanoni, na hilo halikuwaokoa.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba moja, iliyosainiwa na mhasibu, yenye hesabu ya miaka yote nyuma yake.

## Hatua ya 3: Pima masika

Namba ya Hatua ya 2 ni dari. Haikuambii kwamba kampuni itaweza kulipa madeni yake baada ya gawio, na wakurugenzi wanaolipa huku wakijua kampuni inaelekea kushindwa kulipa wadai wanavunja wajibu wao hata kama faida ipo vitabuni. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mwaka 2022, katika kesi ya Sequana, kwamba hata gawio lililotimiza masharti ya faida linaweza kuhojiwa kwa msingi huo.

Tuseme mwaka wa pili wa mfano kampuni ya Jambiani inapata faida ya milioni 55 baada ya kodi. Malimbikizo sasa ni kasoro 15 jumlisha 55, yaani 40. Dari ni milioni 40.

Bodi inakaa mwezi wa Machi. Benki kuna milioni 130. Malipo ya awali ya wageni ni 60. Aprili na Mei pwani ya mashariki vyumba vinakaa vitupu, lakini mishahara, umeme na rejesho la benki havisubiri, na makisio yanaonyesha milioni 45 zitahitajika hadi wageni warudi. Kutoka 130 toa 60, toa 45, inabaki 25.

Bodi inapendekeza milioni 20. Ni nusu ya dari, na wanahisa watanung'unika. Andika hesabu hii kwenye muhtasari, namba kwa namba, kwa sababu siku mfilisi akiuliza mlifikiria nini, muhtasari ndio utakaojibu.

## Hatua ya 4: Pendekeza, pitisha, andika

Kwa gawio la mwisho wa mwaka, bodi inapendekeza na mkutano mkuu unapitisha, kwa kiasi kilekile au pungufu. Kwa gawio la katikati ya mwaka, bodi huamua yenyewe kama katiba inaruhusu, na hapo mnahitaji hesabu za katikati ya mwaka zinazotosha kufanyia uamuzi. Taarifa ya benki haitoshi.

Tahadhari: gawio la mwisho wa mwaka likishapitishwa linakuwa deni la kampuni kwa wanahisa. Kwa hiyo Hatua ya 2 na ya 3 zinakuja kabla ya mkutano, kamwe si baada.

Muhtasari wa bodi utaje hesabu zilizotumika, kiasi cha malimbikizo, makisio yaliyosomwa, na kiasi kwa kila hisa. Mkurugenzi asiyekubali aandikwe kwa jina kwamba amepinga na sababu yake. Kunyamaza kikaoni na kulalamika barazani hakumsaidii.

## Hatua ya 5: Lipa, na toa kodi ya zuio

Kampuni ya mfano ina hisa 200,000 za shilingi 1,000 kila moja. Milioni 20 ni shilingi 100 kwa hisa. Mwanahisa mwenye hisa 40,000 anastahili shilingi 4,000,000. Kampuni inazuia asilimia 10, yaani 400,000, na kumlipa 3,600,000. Kwa wanahisa wote kodi ya zuio ni milioni 2, inayopelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Lipa kwa benki, kila mtu na risiti yake. Umefaulu ikiwa baada ya malipo mizania inaonyesha mtaji 200 haujaguswa, na malimbikizo yamebaki 20.

## Milango ya nyuma ambayo mahakama huifunga

Familia ikiambiwa hakuna gawio, huja na njia nyingine. Mahakama huangalia kilichofanyika, halafu jina lake.

Mshahara kwa mwanahisa asiyefanya kazi ni mfano wa kwanza. Katika kesi ya Halt Garage ya 1982, mke wa mkurugenzi aliendelea kulipwa ujira akiwa mgonjwa na hafanyi kazi. Sehemu iliyozidi ujira wa kweli ilihesabiwa zawadi iliyotoka katika mtaji. Hakuna aliyesema walikuwa waovu; malipo hayakuwa mshahara, basi.

Mfano wa pili ni kumuuzia mwanahisa mali ya kampuni kwa bei ya kutupa. Boti yenye thamani ya milioni 30 ikiuzwa kwa mjomba milioni 8, zile 22 zilizobaki amepewa. Kesi ya Aveling Barford ya 1989 ilibatilisha uuzaji wa ardhi wa namna hiyo.

Wa tatu ndio ninaouona zaidi hapa kwetu: mkurugenzi anachota kidogo kidogo mwaka mzima, kisha Disemba mhasibu anaambiwa "andika gawio". Azimio halikuwepo, hesabu hazikuwepo. Hilo ni deni la mkurugenzi kwa kampuni mpaka alirudishe.

### Mirathi

Jambo hili linastahili aya zake. Mzee aliyeanzisha kampuni anafariki, warithi wanakwenda kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, mafungu yanapangwa, na watu wanarudi Jambiani wakitaka jengo ligawiwe au "pesa za marehemu" zilizoko benki zitolewe.

Marehemu alikuwa na hisa. Jengo, boti na akaunti ni mali ya kampuni. Kinachorithiwa ni hisa, na mrithi akishaandikwa kwenye daftari la wanahisa anapata gawio kama alivyolipata marehemu, kwa kipimo kilekile. Mkurugenzi anayetoa pesa za kampuni kulipa mafungu ya mirathi, hata kwa nia safi kabisa na machozi ya msiba hayajakauka, amegawa mtaji.

Mrithi anayehitaji pesa haraka ana njia halali: kuuza hisa zake kwa ndugu au mtu mwingine kwa kufuata katiba. Na kampuni yenye hasara kubwa ya zamani inayozuia gawio miaka nenda rudi inaweza kuzungumza na wakili kuhusu kupunguza mtaji wa hisa rasmi, utaratibu wenye masharti ya kuwalinda wadai. Hauwezi kufanywa kwa makubaliano ya sebuleni.

## Mkilipa kutoka katika mtaji, nini kinawapata wakurugenzi

Turudi mwaka wa kwanza, na tuseme bodi ilikubali shinikizo ikalipa zile milioni 60.

Wakurugenzi watatu walioidhinisha wanawajibika kuirudishia kampuni, kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, mfilisi anaweza kumfuata mmoja mwenye nyumba na gari na kumdai milioni 60 zote. Kazi ya kuwatafuta wenzake wachangie inakuwa yake.

Kisingizio cha kwanza huwa kwamba kampuni haikufilisika, basi hakuna aliyeumia. Wakurugenzi wa zamani wa Queens Moat Houses, kampuni kubwa ya hoteli ya Uingereza, walijitetea hivyo mahakama ya rufaa mwaka 2001 wakashindwa. Kampuni ilikuwa hai na bado walitakiwa kurudisha gawio lote lililokuwa haramu. Walijaribu pia kusema kwamba kampuni tanzu zilikuwa na faida ambazo zingeweza kupandishwa juu. Haikusaidia: faida iliyoko kampuni nyingine, hata kama ni ya familia hiyohiyo, si yenu mpaka iletwe kihalali.

Kisingizio cha pili ni kwamba wanahisa wote walikubali. Kwa mtaji hawana mamlaka hayo. Sahihi za watu watano haziwezi kuhalalisha wanachokatazwa wote watano.

Kuna utetezi mmoja wenye uzito. Katika Dovey dhidi ya Cory, 1901, mkurugenzi aliyewaamini kwa nia njema maofisa waliowekwa kuandaa hesabu, bila dalili ya kumshtua, hakuwajibishwa. Utetezi huu unamfaa mtu aliyesoma hesabu akaulizia. Haumfai aliyesaini bila kusoma, wala aliyemwamuru mhasibu afute chakavu.

Wanahisa nao hawako salama. Anayepokea huku akijua mambo yalivyo anaweza kutakiwa kurudisha. Katika It's a Wrap dhidi ya Gula, 2006, mume na mke waliokuwa wakurugenzi na wanahisa walijilipa gawio kampuni ikiwa haina faida. Walisema hawakujua sheria. Mahakama ya rufaa ilisema inatosha kwamba walijua hakuna faida. Katika kampuni ya familia, ambako mkurugenzi na mwanahisa ni mtu yuleyule, hakuna pa kujificha.

## Ikiwa tayari mmelipa

Fanyeni haya kwa mpangilio huu.

Kwanza, simamisheni malipo yoyote yaliyobaki ya gawio hilo, na msitangaze jingine kuziba kelele.

Pili, rudieni Hatua ya 2 na mhasibu asiyehusika na hesabu za awali. Wakati mwingine inaonekana sehemu tu ilizidi. Wakati mwingine yote ni haramu kwa sababu hesabu zilizotumika zilikuwa mbovu.

Tatu, bodi ikae na kuandika kosa kwenye muhtasari. Usibadilishe tarehe ya karatasi ya zamani. Karatasi iliyorudishwa tarehe hugeuza kosa la hesabu kuwa udanganyifu.

Nne, dai pesa kwa maandishi kutoka kwa waliopokea, na kiasi kisichorudi kiingizwe vitabuni kama deni linalodaiwa wanahisa au wakurugenzi. Mkikubaliana marejesho kwa awamu, tarehe ziandikwe. Milioni 60 kwa wanahisa watano wenye hisa sawa ni milioni 12 kila mmoja, jumla ya kilichopokelewa mkononi na kodi ya zuio iliyokatwa. Muulize mshauri wa kodi kuhusu hiyo iliyokwisha kupelekwa.

Tano, kama kampuni ina mkopo, soma mkataba wa benki. Mikopo mingi ina kifungu kinachozuia gawio bila idhini ya benki, na ukiukaji unaweza kuifanya benki idai mkopo wote mara moja. Mwambie wakili kabla benki haijagundua yenyewe.